Saa Sita za Kwanza, na Miezi Mitatu Inayofuata

Leo nataka tukae bandani, karibu na mbuzi jike aliyetoka kuzaa, na nizungumzie mambo mawili ambayo wafugaji wengi huyatenganisha: dang'a anayonyonya mtoto siku ya kwanza, na siku anapoachishwa ziwa. Nayaweka pamoja kwa sababu ninavyoona mimi, vifo vingi vya wiki ya tatu, na hata vya wakati wa kulikiza, mizizi yake iko katika saa chache za mwanzo. Tunasingizia baridi, tunasingizia minyoo, tunasingizia hata jicho la jirani, kumbe mtoto alishapungukiwa tangu usiku ule aliozaliwa.

Binadamu akiwa tumboni hupata kinga za mama yake kupitia kondo la nyuma. Anazaliwa akiwa na akiba. Mbuzi hayuko hivyo. Kondo lake limejengwa kwa tabaka kadhaa kati ya damu ya mama na damu ya mtoto, na kingamwili ni kubwa mno kupenya hapo. Chakula kinapita, hewa inapita, kinga haipiti. Kwa hiyo mwanambuzi anapodondoka kwenye majani ya banda, damu yake karibu haina kinga yoyote dhidi ya vijidudu vilivyomo humo bandani. Mama amemwekea kinga hiyo mahali pengine, kwenye kiwele. Katika wiki za mwisho za mimba, mwili wa jike huchota kingamwili kutoka damuni mwake na kuzilimbikiza kwenye maziwa yale ya kwanza, mazito, ya njano, yanayonata vidoleni. Hiyo ndiyo dang'a.

Sasa swali ni vipi kinga inayomezwa inafika kwenye damu bila kumeng'enywa kama chakula kingine. Hapa pana jambo la ajabu. Utumbo mwembamba wa mtoto aliyezaliwa una chembe za pekee ambazo zinameza kingamwili nzima nzima na kuzipitisha hadi kwenye damu. Chembe hizo ni za muda tu. Tangu mtoto anapozaliwa zinaanza kubadilishwa na chembe za kawaida, zisizopitisha vitu vikubwa namna ile. Uwezo huo ni mkubwa kabisa katika saa 6 za mwanzo, unashuka haraka baada ya hapo, na ifikapo saa 24 mlango umefungwa. Ukimpa mtoto wa siku mbili lita nzima ya dang'a, atashiba, na utumbo wake utapata ulinzi kidogo kwa ndani, lakini damu yake haitapokea karibu chochote.

Na mlango ule unapokuwa wazi hauchagui mgeni. Bakteria wa kwenye kinyesi nao wanaweza kupita humo humo. Mtoto akizaliwa, anaanza kutafuta chuchu kwa kunusa na kulamba kila anachokutana nacho: manyoya ya miguu ya nyuma ya mama, ukuta, majani yenye mkojo. Ikiwa atalamba uchafu kwa saa tatu kabla ya kupata tone la kwanza la dang'a, vijidudu vimetangulia. Ndiyo maana nasema usingoje uone kama atanyonya mwenyewe hadi kesho. Lenga anyonye ndani ya saa moja au mbili. Saa 6 zikipita bado hajanyonya, chukulia hiyo kuwa ni dharura.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Tuko Mgeta, mkoani Morogoro, juu kwenye Milima ya Uluguru, ambako tangu miaka ya 1980 wafugaji wanafuga mbuzi wa maziwa wa Kinorwei walioletwa nchini kupitia kitivo cha kilimo cha pale Morogoro, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Mbuzi wanakaa kwenye mabanda yaliyoinuliwa, yenye sakafu ya fito au mbao ili kinyesi kidondoke chini, na majani wanakatiwa na kuletewa. Ni mwezi wa saba, usiku ni baridi kweli. Jike mmoja amezaa mapacha saa 8 usiku. Wa kwanza amesimama, ana kilo 2.6. Wa pili ni mdogo, kilo 1.9, amelala, anatetemeka.

Mama mwenye mbuzi anaanza wapi? Kwanza kuwakausha. Mama mbuzi atamlamba mmoja, lakini wawili kwa mpigo ni kazi, na maji yaliyo kwenye manyoya ndiyo yanayoiba joto. Gunia kavu au kitambaa, sugua kwa nguvu mgongoni na mbavuni hadi apige kelele. Futa pua na mdomo. Kitovu kichovye chote kwenye tinkcha ya iodini, mpaka kwenye ngozi ya tumbo. Kunyunyizia matone mawili hakutoshi, maana uzi ule mbichi ni njia nyingine ya vijidudu kuingia.

Kisha kiwele. Safisha chuchu kwa maji ya vuguvugu na kitambaa safi, zikaushe, halafu kamua kila chuchu mara mbili au tatu. Hapa pana sababu mahususi. Tundu la chuchu huwa limezibwa na kizibo kinachofanana na nta, na mtoto dhaifu anaweza kunyonya nusu saa bila kupata kitu. Mtu aliye mbali anaona mkia unatikisika, anaenda kulala akiwa ameridhika, na kumbe mtoto ananyonya chuchu iliyozibwa. Ukikamua mwenyewe unajua mambo matatu kwa mpigo: chuchu imefunguka, maziwa yapo, na sura yake ikoje. Yakiwa ya maji maji, yana mabonge au damu, kiwele kina tatizo, na itabidi utafute dang'a kwingine.

Yule mkubwa msogeze kwenye chuchu, atashika mwenyewe. Mdogo ndiye wa kushughulikia. Tia kidole mdomoni mwake. Mdomo wa mtoto mzima ni wa moto na anakivuta kidole. Ukiwa baridi, chukua kipimajoto, weka kwenye njia ya haja kubwa. Joto la kawaida la mwanambuzi ni kati ya nyuzi 38.5 na 39.5, hata 40. Likiwa kati ya 37 na 38.5, amepoa kidogo: mkaushe, mfunike, mlishe. Chini ya 37, hali ni nyingine, na mpangilio wa hatua unabadilika kulingana na umri wake.

Mwanambuzi anazaliwa na mafuta kidogo ya pekee mwilini, yanayochomwa kumpa joto. Yanamtosha kwa takriban saa tano. Kama mdogo wetu ana saa moja tu tangu azaliwe na joto liko 36, bado ana nishati ndani. Mkaushe, mweke karibu na chupa za maji moto zilizofungwa kitambaa au kwenye boksi karibu na jiko (siyo juu ya moto, watu huwaunguza), joto likipanda na akiweza kuinua kichwa, mlishe. Lakini kama umemkuta asubuhi, saa saba baada ya kuzaliwa, hajanyonya na ana nyuzi 36, sukari ya damu imekwisha. Ukimpasha moto mtoto asiye na sukari, mwili unaamka na kudai chakula ambacho hakipo, anapata degedege na kufa mikononi mwako huku umeshaanza kufurahi kwamba amepata joto. Huyo anahitaji sukari kwanza. Akiweza kuinua kichwa na kumeza, alishwe dang'a ya vuguvugu kabla ya kupashwa moto. Asipoweza, mtaalamu wa mifugo humchoma sindano ya glukosi tumboni, kisha ndipo apashwe. Usimmiminie maziwa mdomoni mtoto aliyelegea. Yataenda kwenye mapafu.

Wetu ana saa moja, joto 37.5, anavuta kidole kivivu. Kamua dang'a ya mama yake kwenye kikombe safi. Kiasi gani? Kipimo kinachotumika ni mililita 50 kwa kila kilo ya uzito kwa mlo mmoja, na jumla ya mililita 200 kwa kila kilo ndani ya saa 24. Kwa mtoto wa kilo 1.9, mlo mmoja ni mililita 95. Chupa ndogo ya soda ina mililita 300, kwa hiyo mlo wake ni kama theluthi ya chupa. Jumla ya siku ni mililita 380, yaani chupa moja na robo, iliyogawanywa milo minne. Mlo wa kwanza sasa hivi, wa pili kabla ya saa 2 asubuhi ili nusu ya kiasi iwe imeingia ndani ya zile saa 6, miwili iliyobaki kwenye mchana na jioni. Tumia chupa yenye chuchu ya mpira, kichwa kiwe katika hali ya kawaida ya kunyonya, kisivutwe juu kama anayetazama dari. Asiponyonya kabisa, kuna mrija laini unaopitishwa mdomoni hadi tumboni. Unapimwa kuanzia puani hadi ubavu wa mwisho, na maziwa yanashuka yenyewe bila kusukumwa. Kazi hiyo mtu afundishwe kwa mikono na afisa mifugo kabla ya usiku wa dharura. Kuieleza redioni pekee hakutoshi.

Unajuaje kwamba wamepata? Asubuhi washike tumboni, nyuma ya mbavu. Tumbo la aliyeshiba limejaa kidogo, siyo gumu kama ngoma. Aliyeshiba hulala, akiamka hujinyoosha. Mwenye njaa amekunja mgongo, analia lia, pembeni ya mdomo ni baridi. Tazama pia choo: cha kwanza ni cheusi kama lami, na dang'a husaidia kukisukuma nje, baada ya siku moja au mbili kinakuwa cha njano, kinanata. Na kama mtoto amekosa, mara nyingi hutaona kitu siku ya kwanza. Utaona siku ya tatu, ya tano, hata wiki ya pili: kuhara, magoti na viungo kuvimba kwa joto, kitovu kinene chenye usaha, mtoto anayebaki nyuma wenzake wanaporuka.

Watu huniuliza kuhusu jike aliyekufa wakati wa kuzaa, au aliyezaa watatu na maziwa hayatoshi. Jibu bora ni dang'a ya mbuzi mwingine wa banda hilo hilo aliyezaa siku hiyo, maana kinga zake zinajua vijidudu vya hapo hapo. Kwenye friza unaweza kuihifadhi kwa karibu mwaka, ikigandishwa kwenye vichupa vidogo vya mlo mmoja mmoja. Kuiyeyusha, weka chupa kwenye maji ya vuguvugu ambayo mkono unaweza kuvumilia. Maji ya kuchemka yanaipika na kuua kinga. Dang'a ya ng'ombe mwenye afya aliyezaa siku hiyo inasaidia ikibidi, ingawa kinga zake ni za magonjwa ya ng'ombe zaidi, na mara chache hutokea mtoto akapungukiwa damu wiki chache baadaye.

Halafu kuna ile dawa ya nyumbani: maziwa, yai, kijiko cha mafuta ya samaki na sukari kidogo. Imeandikwa kwenye vijitabu vingi vya mifugo. Sitaki kuidharau, inampa mtoto nguvu na mafuta, inamlainishia choo. Lakini haina kingamwili hata moja ya kumlinda mbuzi. Anayeitumia ajue kwamba mtoto yule ameshiba bila kinga, na kwa wiki sita zijazo lazima akae mahali pakavu, pasafi, mbali na wakubwa, na apelekwe kwa mtaalamu akionesha dalili ya kwanza tu.

Upo pia ugonjwa mmoja wa virusi unaoenezwa na dang'a yenyewe, unaowapata hasa mbuzi wa maziwa wa kigeni: magoti ya jike yanavimba miaka ikienda, kiwele kinakuwa kigumu. Kwenye mashamba makubwa yenye ugonjwa huo, dang'a hupashwa kwa nyuzi 56 kwa dakika 60 kamili, joto linaloua virusi bila kuharibu kinga. Bila kipimajoto cha uhakika usijaribu, kwa sababu ukizidisha nyuzi chache dang'a inaganda kama uji. Kwa mfugaji mwenye mbuzi watano, mtoto kukosa dang'a ni hatari iliyo karibu zaidi kuliko virusi hivyo.

Ubora wa dang'a unatengenezwa kabla ya kuzaa. Jike akichanjwa dhidi ya pepopunda na ugonjwa wa sumu ya utumbo wiki nne hadi sita kabla ya kuzaa, kinga ya chanjo inaingia kwenye dang'a. Jike aliyekonda mno hutoa kidogo. Na msimkamue kabla hajazaa eti kiwele kimejaa sana. Mnachomwaga ni haki ya mtoto.

Basi mapacha wetu wamepita siku ya kwanza. Kinga waliyonyonya ni ya kuazima. Haizalishwi upya ndani yao. Inapungua wiki baada ya wiki, na kati ya mwezi wa kwanza na wa tatu imebaki kidogo sana. Kinga yao wenyewe inajengwa polepole katika kipindi hicho hicho. Pana pengo hapo, na pengo hilo ndilo linaloangukia pale pale tunapopenda kuwaachisha ziwa. Anayelikiza bila kulifikiria pengo hilo anamwondolea mtoto maziwa, mama na mazoea yake katika wiki zile zile ambazo mwili wake hauna akiba.

Kuna pia tumbo. Mbuzi mkubwa anakula majani kwa sababu ana tumbo kubwa la kwanza lililojaa vijidudu vinavyochachusha nyuzi. Mtoto analo, lakini ni dogo na limelala. Anaponyonya, mfereji unaoanzia mwisho wa umio unajikunja na kuyapeleka maziwa moja kwa moja kwenye tumbo la nne, bila kupita huko. Maziwa, hata yawe mengi vipi, hayaliamshi lile tumbo la kwanza. Linaloliamsha ni chakula kikavu kinapochachuka humo na kutoa tindikali zinazokuza vinyweleo vya ukuta wake. Kwa hiyo mtoto anayekunywa maziwa tu hadi mwezi wa tatu, kisha akaachishwa kwa siku moja, ana miezi mitatu ya umri na tumbo la mtoto mchanga.

Ndiyo maana maandalizi ya kulikiza yanaanza wiki ya pili. Weka maji safi, kila siku, hata kama unaona hawanywi. Tundika majani laini juu, mafungu madogo ya majani ya viazi vitamu yaliyonyauka kidogo, mforosadi, lukina kiasi. Na chakula cha unga: sehemu mbili za pumba ya mahindi, sehemu moja ya mashudu ya alizeti, na chumvi yenye madini kidogo. Kiweke kwenye kona ambayo watoto wanaingia na wakubwa hawapiti, fito mbili zikiwa zimeachana kwa kiasi cha mtoto. Wataanza kwa kuchezea. Kibadilishe kila siku, usiache kilichochacha. Wiki ya tano wanakula ukiwaona. Ikikaribia kulikiza, kila mmoja awe anamaliza kama gramu 150 kwa siku, konzi tatu hivi za mkono wa mtu mzima.

Lini hasa? Watu wengi hutazama kalenda. Mimi nashauri mizani. Kanuni ya kwanza ni kwamba mtoto awe na uzito usiopungua mara mbili na nusu ya ule aliozaliwa nao. Lakini angalia inavyomtendea yule mdogo wetu: 1.9 mara 2.5 ni kilo 4.75, na mtoto wa mbuzi wa maziwa wa uzito huo bado hajawa tayari. Kwa hiyo kwa mbuzi hawa wa maziwa kuna kanuni ya pili, kilo 9 hadi 10, na inayochelewa kutimia ndiyo inayofuatwa. Mkubwa wetu akiongeza gramu 100 kwa siku, kutoka 2.6 hadi 9 atahitaji siku 64. Mdogo akiongeza gramu 70, kutoka 1.9 hadi 9 ni siku 101. Tofauti ya zaidi ya mwezi kati ya mapacha wa tumbo moja! Mfugaji anayewaachisha siku moja kwa kuwa wamezaliwa siku moja, anamdhulumu mdogo. Mizani ya kuning'iniza na mfuko wenye kamba mbili vinatosha, na wapimwe mara moja kila wiki, asubuhi kabla ya kula.

Najua kikwazo ni nini. Maziwa yana soko, na nyumbani kuna watoto wanaoyasubiri. Njia wanayotumia wengi huko milimani inafaa: tangu wiki ya nne au ya tano watoto wanatengwa na mama usiku, asubuhi jike anakamuliwa, kisha mchana watoto wananyonya. Mfugaji anapata maziwa na watoto wanajifunza kula usiku ule wanapomkosa mama. Kinachoharibu ni kukamua asubuhi na jioni mpaka tone la mwisho, na kumwachia mtoto kiwele kitupu. Mizani itakuambia kama umepita kiasi: mtoto asiyeongezeka kwa wiki nzima anadai maziwa yake.

Kulikiza kwenyewe kuchukue siku 10 hadi 14. Kama wananyonya mara mbili kwa siku, punguza iwe mara moja, wiki nzima, kisha siku moja wanyonye na siku moja wasinyonye, kisha basi. Usiyaongezee maziwa maji ukidhani unapunguza taratibu, unamvuruga tumbo. Wa kuondolewa mahali pale ni mama, watoto wabaki kwenye banda wanalolijua, na kama inawezekana wasisikilizane. Wawili watatu wa rika moja wakae pamoja, mtoto wa mbuzi aliye peke yake anasimama mlangoni akilia badala ya kula. Na katika wiki hizo mbili jambo lingine lolote lisubiri: kuhasi, kukata pembe, kubadilisha chakula, kumpeleka mnadani.

Pupa ya kuwashibisha nayo ina hatari zake. Mtoto aliyekosa maziwa ana njaa, mwenye nyumba anamhurumia, anamwagia pumba debe zima au mahindi. Ndani ya utumbo wapo bakteria wanaokaa humo siku zote bila kudhuru. Wanga ukifurika wanazaliana na kutoa sumu. Kinachoudhi ni kwamba ugonjwa huu wa sumu ya utumbo huchagua mtoto mnene, mlaji bora. Jioni mzima, alfajiri amekufa, au unamkuta amekunja shingo nyuma na kupiga miguu. Ongeza unga kwa konzi ndogo kila siku chache, majani yatangulie asubuhi, na chanjo ya ugonjwa huo aipate akiwa na wiki sita hadi nane, irudiwe wiki nne baadaye.

Mwingine ni koksidia, vijidudu vya utumbo vinavyoanza kuonekana tangu wiki ya tatu na kupamba moto wakati wa kulikiza. Kinyesi kinakosa punje, kinalainika, kinanuka, pengine kina kamasi au damu, manyoya ya nyuma yanachafuka, uzito unasimama. Mfugaji anakimbilia dawa ya minyoo. Dawa ya minyoo haiui koksidia hata kidogo, na siku tano zinapotea mtoto akikauka maji. Apelekewe kinyesi mtaalamu, na dawa yake, kwa kawaida amproliamu, itolewe kwa siku zote alizoandika. Kinga yake iko kwenye sakafu kavu, chombo cha chakula kilichotundikwa nje ya fito ili mtoto aingize kichwa tu na asipandie kwa miguu, na watoto kutochanganywa na wakubwa, ambao hubeba vijidudu hivyo bila kuugua.

Wiki ya kwanza baada ya kuachishwa, pima tena. Kusimama kwa uzito kwa siku chache hakutishi. Akipungua wiki mbili mfululizo, mrudishie maziwa mara moja kwa siku, kwa chupa au kwa mama, mpaka aanze kupanda. Hakuna sheria inayokataza. Jike naye atazamwe kiwele: kama anaendelea kukamuliwa, ratiba isirukwe, na kama ni wa asili anayekaushwa, apunguziwe pumba siku chache, na chuchu zikaguliwe jioni kama kuna joto au ugumu.

Wakifika miezi mitatu hadi minne, madume yasiyohasiwa yahamishiwe banda lao. Wanaanza mapema kuliko watu wanavyodhani, na dada yao wa kilo 12 anaweza kushika mimba itakayomdumaza maisha yake yote. Umri huo huo, kinga ya mama dhidi ya sotoka ya mbuzi na kondoo inakuwa imeisha kiasi cha chanjo kushika vizuri, kwa hiyo mwambieni afisa mifugo wa kata awahesabu na hao mapacha atakapokuja kuchanja.